Saa Tisa ya Padri wa Toronto

Jaro yote, hapa Iloilo, Ufilipino, mtaa kwa mtaa, watu wanajua kusema ndiyo, lakini hakuna aliyemfikia Lorelie Gumban. Mwuza samaki akimuuliza kama kilo imetosha, ndiyo. Jirani akimuuliza kama karaoke haimsumbui, ndiyo, haimsumbui hata kidogo, na huku kichwa kinamgonga. Ukimwomba akushikie mtoto dakika tano, ukarudi jioni, utamkuta anatabasamu.

Ofisi ya tiketi za meli ilimpenda kwa hilo miaka kumi na sita. Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba: meli ipi inaondoka Iloilo saa ngapi, inafika Bacolod saa ngapi, nahodha yupi analala wapi. Ratiba alizijua kama watu wengine wanavyojua sala. Bosi akikosea, Lorelie hakumwambia. Aliandika ratiba iliyo sahihi, akaiweka chini ya kikombe cha kahawa cha bosi, akaenda zake. Bosi alinyanyua kikombe, akaiona, akajifanya ameigundua mwenyewe, na siku ikaendelea bila mtu kuona haya. Ndivyo watu wenye malezi wanavyofanya kazi, na mimi sitasema vinginevyo.

Halafu kampuni ikafunga ofisi. Lorelie akiwa na miaka arobaini na moja, mama yake, Nanay Consing, amepooza upande wa kushoto tangu mwaka juzi, kazi ya pekee iliyomjia mbio ilikuwa ya Taiwan: kutunza wazee, mkataba wa miaka mitatu. Wakala alishampigia muhuri kila karatasi. Ilibaki saini yake tu, nayo ilitakiwa Ijumaa ya tarehe ishirini na moja Machi. Nanay angepelekwa kwa dada yake huko mkoa wa Antique. Lorelie alipomuuliza mama yake kama ni sawa, mama alisema ndiyo, nenda. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Yaani mwanamke amwache mzee wake aende kuosha wazee wa wengine. Lorelie alikuwa akilifikiria jambo hilo anapomgeuza mama yake kitandani asubuhi, na kila mara alilifikiria kwa haraka ili lisimkae moyoni.

Aliyemtia wazimu wa kazi za mtandaoni ni binamu yake Marivic, ambaye ana miaka saba anawafanyia kazi watu wa Ulaya bila kuvua kandambili. Marivic ni mdogo kwa umri, mkubwa kwa mdomo; Lorelie humwita Inday, mdogo wangu, naye humwita Lorelie Manang, dada mkubwa. Alipouona wasifu wa kazi wa Lorelie alishika kiuno.

"Manang, hii ni nini? Urefu, uzito, dini, kazi ya marehemu baba yako, na picha umevaa hereni za sikukuu. Unaomba kazi au unaposwa?"

"Si ndivyo inavyoandikwa?"

"Kwetu ndiyo. Huko hata umri hawataki kuujua. Wanataka kujua umefanya nini. Futa, futa, futa! Sasa hapa umeandika 'nilisaidia katika ofisi ya tiketi.' Ulisaidia nani?"

"Si tulikuwa wengi, Inday..."

"Nani alikuwa anapanga ratiba?"

"Mimi."

"Meli ngapi kwa siku?"

"Kumi na nne. Sikukuu, ishirini na mbili."

"Basi andika hivyo! Meli ishirini na mbili kwa siku, miaka kumi na sita. Sifa zako zote unaigawia ofisi, wewe unabaki na hereni."

Marivic alimfundisha na kinga. Anayetaka umlipe kwanza ili akufundishe kazi, huyo ni mwizi, mfungie asikuandikie tena. Anayekupa kazi dakika tatu baada ya kukusalimia, halafu anaomba nambari za benki, huyo ni mwizi mwenye haraka. Tangazo lisome mpaka neno la mwisho, kwa sababu waajiri huficha agizo dogo ndani yake, na anayelikosa barua yake haifunguliwi. Lorelie aliandika yote kwenye daftari, kwa mistari.

Usaili wake wa kwanza ulikuwa na bwana mmoja wa Brisbane mwenye duka la viti vya ofisini. Brisbane iko mbele ya Iloilo kwa saa mbili, kwa hiyo saa nne yake ilikuwa saa mbili asubuhi ya Lorelie, majogoo wa mtaa mzima wakiwa na maoni yao. Bwana yule aliuliza kama anaweza kuhudumia wateja kwa simu. Ndiyo, bwana. Anaweza kuandika hesabu za duka? Ndiyo, bwana. Anaweza kutengeneza tovuti? Ndiyo, bwana, na maskini hakuwahi kutengeneza hata mlango. Ana swali lolote? Hana, bwana, kila kitu kimeeleweka.

Jibu lilikuja baada ya chakula cha mchana: wamempata mwingine, wanamtakia kila la heri.

"Ulisema 'ndiyo, bwana' mara ngapi?" Marivic aliuliza.

"Sikuhesabu."

"Mimi nilikuwa jikoni, nimehesabu. Thelathini na moja. Manang, yule mtu akimaliza kukusikiliza hajui wewe ni nani. Unaweza kila kitu, maana yake huwezi chochote. Na hukuuliza hata swali moja! Wao wasipoulizwa wanadhani hutaki kazi."

"Kumuuliza bosi maswali siku ya kwanza, si utovu wa adabu?"

"Kwao adabu ni kuuliza. Hebu fikiri, unakwenda kuishi nyumba ya mtu, hutaki hata kujua choo kiko wapi?"

Lorelie alicheka, ila Marivic alipoondoka alilia kidogo akiosha vyombo, maji yakiwa yamefunguliwa ili Nanay asisikie.

Tangazo la Uholanzi aliliona Jumatano ya tarehe kumi na mbili, siku tisa kabla ya saini. Kampuni ndogo ya watu sita katika mji wa Groningen, inayokarabati kengele za makanisa na mitambo yake, ilikuwa inatafuta mtu wa kupanga simu na safari za mafundi. Wateja wako nchi mbalimbali. Saa za kazi: kuanzia saa tatu asubuhi ya Uholanzi mpaka saa tisa alasiri. Lorelie alihesabu kwa vidole kisha kwa simu. Uholanzi iko nyuma kwa saa saba, na ikiingia majira ya joto, kwa saa sita. Hiyo ni saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, na baada ya mwisho wa Machi saa tisa mpaka saa tatu. Asubuhi nzima ya Nanay! Kuogeshwa, mazoezi, dawa, uji, vyote. 

Akasoma tangazo mpaka neno la mwisho. Mwishoni kabisa, chini ya maelezo ya faragha ambayo hakuna binadamu anayeyasoma, palikuwa na mstari: anza barua yako kwa kutuambia kengele iliyo karibu nawe.

"Haya!" alipiga kelele hata Nanay akashtuka. "Nimelikamata!"

Aliandika kuhusu mnara wa kengele wa Jaro, ule uliosimama peke yake upande wa pili wa barabara, mbali na kanisa lake. Aliandika meli ishirini na mbili. Palipoulizwa anataka malipo gani kwa saa, kidole kilitaka kuandika 'tutaelewana,' akakumbuka mdomo wa Marivic, akaandika nambari, akafumba macho, akatuma.

Ijumaa jibu likaja. Mwenye kampuni, Annelies Hoekstra, aliupenda ule mnara. Alimwomba afanye jaribio dogo kwanza, la saa moja, na atalilipia. Usaili ungekuwa Jumanne ya tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi ya Groningen. Mwaliko wa kalenda ulipofunguka kwenye simu ya Lorelie, ulisema saa kumi na moja jioni. Alijibu siku hiyohiyo, akaandika saa zote mbili, ya kwao na ya kwake, ili kosa lisipate pa kuingilia.

Marivic alipopata habari alikuja na mfuko wa ndizi za kukaanga, akacheza sebuleni mpaka Nanay akacheka kwa upande wake mmoja wa mdomo. Halafu akaondoka kwenda kazini, na Lorelie akafungua jaribio.

Lilikuwa rahisi kama kuosha uso. Kuna wateja watatu wa kupigiwa simu wiki ijayo, wapange kwenye kalenda ya Groningen. Mmoja yuko Lisbon, nyuma kwa saa moja. Mmoja yuko Adelaide, ambako saa zao zina nusu ndani yake: saa tatu asubuhi ya Groningen kwao ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Lorelie alimweka asubuhi kabisa, mtu apate kula chakula chake cha usiku. Wa tatu alikuwa padri wa Toronto. Hapo bosi mwenyewe, Annelies, aliandika: padri anapatikana Alhamisi saa tatu asubuhi ya kwake tu, kwa hiyo mweke saa tisa yetu.

Lorelie aliusoma mstari huo mara mbili.  Akausoma tena.

Kwa kawaida Toronto iko nyuma ya Uholanzi kwa saa sita, hapo bosi hakukosea. Lakini Kanada huisogeza saa mbele mapema Machi, na Ulaya husubiri mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kwa hizo wiki tatu za katikati, tofauti ni saa tano. Saa tatu ya padri ilikuwa saa nane ya Groningen. Wangempigia saa tisa, wakamkosa kwa saa nzima.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi najua ningefanya nini, kwa sababu nimekaa Jaro siku nyingi. Lorelie alitafuta kikombe cha kahawa cha bosi, na hapakuwa na kikombe. Kulikuwa na bahari na nchi ishirini katikati. Kumwandikia mtu ambaye hajawahi hata kukuona, "madam, umekosea," tena wakati unamwomba kazi! Labda ana sababu zake. Labda padri mwenyewe ndiye aliyesema saa tisa. Akaweka saa tisa, na chini yake akaandika kwa uangalifu mkubwa: 'Padri wa Toronto nimemweka saa tisa, kama ulivyoelekeza.' Ilonggo yeyote, yaani mtu wa huku Iloilo, angenusa harufu mara moja katika hayo maneno mawili ya mwisho. Akatuma Jumamosi. Marivic hakuambiwa.

Jumanne ilifika kwa vishindo. Tangu saa tisa Lorelie alikuwa ameshavaa blauzi ya buluu, na chini suruali ya kulalia. Kompyuta iliwekwa juu ya biblia na ndoo ya mchele ili kamera imtazame machoni. Meza ilielekezwa dirishani, mwanga umpige usoni. Simu yenye bando ilikaa pembeni, tayari, umeme ukikatika. Jirani, Dodoy, ambaye mtaa unamwita Manong, yaani kaka mkubwa, na anayeanza karaoke yake saa kumi kila siku kama ofisi ya serikali, alifuatwa na Marivic mwenyewe.

"Manong, leo usiimbe mpaka saa kumi na mbili."

"Kwani nani kafa?"

"Hajafa mtu. Manang ana usaili na Uholanzi."

"Uholanzi! Nisimwimbie hata mmoja wa kumtia moyo?"

"Ukimwimbia atakosa kazi, aende Taiwan, na utapata jirani mwingine ambaye hasemi 'haisumbui.'"

Manong Dodoy alizima mashine, akakaa mlangoni kwake na jogoo wake kwapani, amemfunika kichwa kwa fulana.

"Kumbuka," Marivic alinong'ona akirudi, "jina lake Annelies. Si madam Annelies. Anakuita Lorelie, nawe unamwita Annelies. Akinyamaza, usijaze kimya kwa kicheko, anafikiri tu. Kitu hukijui, sema hukijui lakini utajifunza kwa siku ngapi. Maswali unayo?"

"Manne. Nimeyaandika."

"Ingia sasa, dakika nne kabla. Nami nakwenda kukaa na Nanay."

Annelies alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi, nyuma yake kengele ya shaba kubwa kuliko jokofu. Hakuuliza habari za nyumbani wala za safari. Alisema habari za asubuhi, Lorelie akasema habari za asubuhi kwako, kwangu ni jioni, na wote wawili wakatabasamu. Ikaanza vizuri.

"Unaweza kutengeneza tovuti?"

Lorelie alivuta pumzi. "Hapana. Sijawahi. Nikihitajika kubadilisha maandishi tu kwenye tovuti iliyopo, naomba siku tatu za kujifunza."

"Vizuri, sina haja nayo. Niambie kitu kimoja ulichokifanya kwenye ile ofisi ya meli."

Akamweleza siku ya kimbunga, meli tisa zimefungwa bandarini, abiria elfu moja, na jinsi alivyowapanga upya wote kwa siku mbili bila kupoteza hata mzigo wa mtu. Alisema 'mimi' mara tano. Kila 'mimi' ilimkwama kooni kama mfupa, lakini zote zilishuka. Annelies aliandika kitu. Lorelie akaanza kujisikia mwepesi, uso umechangamka. Inawezekana! Inawezekana kabisa!

"Jaribio lako limependeza," Annelies akasema. "Wa Adelaide umemweka vizuri. Kulikuwa na lolote katika maelekezo yangu ambalo halikukaa sawa?"

"Hapana, madam, kila kitu kilikuwa sawa."

Lilitoka lenyewe, hata 'madam' ikaja nalo. Miaka arobaini na moja ya mazoea haiombi ruhusa.

"Safi. Basi kalenda yako naitumia hivihivi. Hawa ni wateja wa kweli, na padri huyo nimemfukuzia tangu Oktoba. Ana kengele ishirini na tatu. Haya, una maswali kwangu?"

Yale maswali manne yalikuwa mbele yake kwenye karatasi, yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Lorelie aliyatazama, hakuona hata herufi. Alimwona padri wa watu amekaa na simu Alhamisi asubuhi, anasubiri, anatazama saa, anaondoka zake kwenda kuzika au kubatiza. Akawaona na mafundi wa Groningen wamekosa kengele ishirini na tatu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na huyu hapa alikuwa anauficha uchi wa mtu mwingine ili yeye mwenyewe asizae.  Chumba cha pili Marivic na Nanay walikuwa wanasikiliza.

"Sina swali," akasema. "Nina kosa."

Annelies aliinua macho.

"Padri wa Toronto si saa tisa. Ni saa nane. Kanada wameshasogeza saa zao mbele, nyinyi bado mpaka tarehe thelathini. Wiki hii tofauti ni saa tano, si sita. Ukimpigia saa tisa, kwake ni saa nne, ameshaondoka."

Kimya. Lorelie alitaka kucheka ili akijaze, akajiuma shavu kwa ndani. Annelies alikuwa amegeukia skrini nyingine, anabonyeza. Sekunde kumi. Ishirini. Kule nje jogoo wa Manong Dodoy aliguna chini ya fulana.

Annelies alisema neno fupi la Kiholanzi ambalo Lorelie hakuhitaji kutafsiriwa.

"Ni kweli," akasema. "Ni kweli kabisa. Uliliona lini?"

"Ijumaa. Nilipolifungua tu."

"Ijumaa! Na ukaweka saa tisa?"

"Ndiyo. Niliandika 'kama ulivyoelekeza.'"

"Nilisoma. Nikadhani unanionyesha kwamba unafuata maagizo."

"Kwetu, hapo nilikuwa napiga kelele," Lorelie alisema, na sasa hakuweza kujizuia, alicheka, na Annelies naye, baada ya kushangaa kidogo, akacheka mpaka akavua miwani. "Kwetu bosi akikosea unamwekea mahali atakapoliona mwenyewe. Ukimwambia usoni ni kumvua nguo."

"Lorelie, kwetu ukininyamazia ndiyo umenivua nguo. Tena mbele ya padri." Akavaa miwani. "Watu wanne wamefanya jaribio hili. Wote wameweka saa tisa. Sijui kama hawakuona au waliona wakaninyamazia. Hata mimi sikujua kama kuna kosa. Wewe peke yako ndiye umesema, japo umechelewa siku nne. Ningependa kujua kama unaweza kusema siku hiyohiyo."

"Naweza."

"Nataka nikujaribu mwezi mmoja, kwa malipo uliyotaja. Uanze kesho, ila kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni yetu."

Chumba cha pili kiti kiligongwa. Lorelie alihesabu: mpaka saa sita usiku. Nani atamgeuza Nanay? Nani atampa dawa ya saa nne na kumlaza?

"Hapana," akasema. "Tangazo lako lilisema saa tatu mpaka saa tisa, nami niliomba kwa hizo. Nina mgonjwa nyumbani. Baada ya saa nne usiku ya kwangu siwezi. Lakini ndani ya hizo saa sita sitakosa hata dakika."

"Sawa," alisema Annelies. "Saa tatu mpaka saa tisa."

Yaani sawa, basi. Hakununa wala hakuona ajabu. Lorelie alikaa akimtazama kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega kumbe ulikuwa wazi. Ndipo maswali yake yakarudi yote kwa pamoja, na akauliza lile lililokuwa chini kabisa, ambalo hata hakuliandika.

"Kuna mkataba mwingine natakiwa kuusaini Ijumaa, wa miaka mitatu. Nikiuacha haurudi. Baada ya huo mwezi, kuna uhakika gani?"

Mwajiri mwingine angempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Annelies alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Siwezi kukuahidi zaidi ya mwezi. Nakuhitaji, hilo naliona. Lakini mwezi ndio ninaouweza kuusema leo. Maandishi yake utayapata kabla sijafunga ofisi. Nijibu kesho kabla hatujaanza."

Waliagana. Lorelie hakunyanyuka mara moja. Palepale aliandika barua pepe fupi ya shukrani, akarudia ndani yake saa za kazi walizokubaliana, na mstari mmoja peke yake: padri wa Toronto, Alhamisi, saa nane ya Groningen. Ndipo Marivic akaingia kwa kishindo, akamrukia shingoni, biblia na ndoo ya mchele vikayumba.

"Umemwambia Mholanzi hapana! Manang! Wewe! Mara mbili! Ningekuwa na pombe ningekunywa!"

"Ni mwezi mmoja tu, Inday."

"Nimesikia. Mimi pia nilianza na wiki mbili."

"Wewe hukuwa na Taiwan mkononi. Miaka mitatu kwa siku thelathini! Nikikosa huku na huku?"

 Kutoka mlangoni Manong Dodoy aliuliza kama ashangilie au aombe. Marivic akaenda kumjibu.

Lorelie aliingia kwa mama yake, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimweleza polepole, yote, mpaka sehemu ya mwezi mmoja. Alikuwa bado na joto la furaha usoni, na chini ya furaha hofu. Mwishoni akauliza, kama alivyouliza mara nyingi: "Nay, niende Taiwan?"

Nanay Consing alimtazama. Maneno yake siku hizi yalikuja moja moja, na hakuyapoteza ovyo.

"Hapana," akasema.

"Lakini ulisema niende. Kila nilipokuuliza ulisema ndiyo."

"Ulikuja... na uso wa mtu... anayetaka ndiyo." Akapumzika. "Nikakupa."

Lorelie aliuweka sawa mto wa mama yake. 

"Mwezi," mama akasema. "Una siku ngapi?"

"Thelathini, Nay. Thelathini tu."

"Mimi nilijiandaa... kwa miaka mitatu... bila hata siku moja nawe."

Lorelie aliinamisha kichwa kwenye ule mkono wa kushoto usiosikia kitu, akalia safari hii bila kufungua bomba. Halafu alijifuta, akachukua simu, akampigia wakala. Wakala alishangaa, akakasirika, akasema kuna watu mia moja wanaililia nafasi hiyo.

"Basi mpe wa kwanza wao," Lorelie alisema. "Mimi siendi."

Akakata, akamgeuza mama yake upande wa dirishani, na nje karaoke ikaanza, kwa sauti ya kuvunja masikio. Lorelie alifungua dirisha.

"Manong! Punguza! Inasumbua!"